Uzi: Msimamizi wa ghala kalalamikiwa na vibarua. Hii barua yangu inamtaarifu au tayari imemhukumu?

Binti_Faili

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar, mwaka wangu wa pili kazini. Wiki iliyopita vibarua watatu wamekuja ofisini wakamlalamikia msimamizi wa ghala. Wanasema ili uandikwe kwenye zamu za wiki inayofuata, unamtumia 5,000 kwa simu. Wawili wana ujumbe wa M-Pesa, tarehe 4 na tarehe 11 Machi, elfu tano tano kila mmoja. Wa tatu anasema yeye aligoma kutuma, na wiki iliyofuata hakupangiwa hata siku moja. Nimechukua maelezo yao kwa maandishi na wamesaini.

Kabla ya kumhoji nataka kumpa barua. Nimeandika hii:

"YAH: KUJIHUSISHA NA RUSHWA NA UNYANYASAJI WA VIBARUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi umebaini kuwa umekuwa ukiwadai rushwa vibarua ili kuwapangia zamu, kitendo ambacho ni kinyume na maadili ya kampuni. Fedha ulizochukua kwa waathirika zilitumwa kwenye simu yako. Unatakiwa kufika ofisini kesho saa 3 asubuhi kueleza kwa nini ulifanya hivyo na kwa nini usichukuliwe hatua kali za kinidhamu."

Meneja kaisoma akasema iko vizuri, "imekaa kiume". Mimi nina wasiwasi. Naombeni macho yenu.

Wakili_wa_Kijiweni

Barua batili hiyo dada. Sheria inasema lazima umpe saa 48. Wewe unampa "kesho saa 3". Akienda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, anakuvua nguo mchana kweupe.

Dereva_Semi

Mimi niliwahi kupewa barua kama hiyo, nikaipokelea mapokezi mbele ya watu. Kichwa kimeandikwa WIZI WA MAFUTA kwa herufi kubwa na wino mzito. Dada wa mapokezi kasoma kabla yangu. Baadaye ikaonekana geji ya tenki ilikuwa mbovu, nikaambiwa nirudi kazini. Nilirudi, lakini mpaka naacha kazi pale nilikuwa naitwa "Dizeli". Hakuna barua ya pili iliyokuja kufuta ile ya kwanza.

Chausiku_88

Pole sana dada. Wanaokuonea hawatafanikiwa. Hao vibarua wamepangwa, tafuta mwanasheria na usisaini chochote.

Binti_Faili

Chausiku asante, ila siyo mimi niliyelalamikiwa 😅 Mimi ndiye mwandika barua.

Dereva pole kaka. Hilo la mapokezi nimelichukua.

Wakili, hizo saa 48 si za kikao cha nidhamu? Mimi bado niko kwenye kuuliza tu.

Kabrasha_la_Zamani

Binti, umemjibu vizuri. Nimekaa utumishi miaka 27, sasa nimestaafu na huwa naitwa kuongoza vikao vya nidhamu kwenye makampuni ya watu. Wacha niingie taratibu.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, kanuni ya 13, zinaanza na uchunguzi. Mwajiri anachunguza kwanza aone kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Akiona ipo, ndipo anamtaarifu mfanyakazi tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, anampa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida hautapungua saa 48, na mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo Wakili kashika kitu cha kweli ila kakining'iniza kwenye msumari siyo wake. Mahojiano ya uchunguzi siyo kikao.

Ila hiyo haimaanishi "kesho saa 3" ni sawa. Unamuuliza mtu mambo ya wiki mbili nyuma, ya pesa na orodha. Mpe siku mbili tatu aangalie simu yake na karatasi zake. Usipompa, atakujibu "sikumbuki", nawe utaandika "alishindwa kujibu", na hapo utakuwa umejitengenezea ushahidi ambao haupo.

Sasa barua yenyewe. Soma kichwa chako, baadaye usome kilichobaki. Kichwa kimeshamaliza kesi. Ukishaandika YAH: KUJIHUSISHA NA RUSHWA, mahojiano ya nini tena?

Halafu maneno manne, nayataja kwa sababu nayaona kila mwezi.

"Umebaini." Anayebaini ameshatafuta akapata. Wewe hujabaini, umepokea malalamiko. Andika hivyo hivyo: ofisi imepokea malalamiko.

"Fedha ulizochukua." Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani. Kiswahili chetu kina huu mtego wa "-lizo-", "-lofanya", "-vyo-". Ukisema "fedha ulizochukua" umeshapitisha kwamba alichukua, na sentensi inaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Hata ungetanguliza "inadaiwa" mwanzo wa aya, hiyo "ulizochukua" inaifuta. Ni sawa na "kitendo chako cha" na "kwa nini ulifanya hivyo". Swali la mwisho hilo mtu hawezi kulijibu bila kukiri.

"Waathirika." Ni walalamikaji. Kama wameathirika tutajua.

"Rushwa." Hapa ujihadhari zaidi. Hilo ni jina la kosa la jinai. Vibarua wako walisema "rushwa" au walisema "hela"?

Binti_Faili

Shikamoo mzee. Nimefungua maelezo yao sasa hivi. Mmoja kasema "hela ya zamu". Wengine wawili "elfu tano". Neno rushwa ni langu.

Kabrasha_la_Zamani

Marahaba. Basi lirudishe ulikolitoa.

Wakili_wa_Kijiweni

Mzee na wewe unambembeleza sana huyu msimamizi. Mtu anakula jasho la kibarua wa elfu kumi na tano kwa siku, tunaanza kuchagua maneno? Peleka TAKUKURU moja kwa moja, wamkamate, habari iishe.

Katibu_Tawi

Wakili, TAKUKURU kupeleka ruksa, sheria ya rushwa ya 2007 inagusa hata kampuni binafsi. Ila ujue unachokifunga. Mtu akishafikishwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lile lile, sheria ya ajira inamzuia mwajiri kumpa adhabu ya kinidhamu au kumwachisha kazi mpaka mahakama imalize, na rufaa iishe. Unaweza ukakaa naye miaka kwenye orodha ya mishahara. Waajiri wengi wanakimbilia polisi kwa hasira halafu wanarudi kwetu kwenye tawi kuuliza watokee wapi.

Na siyo kubembeleza. Mimi nawatetea wafanyakazi, na hao vibarua nao ni wafanyakazi. Barua iliyohukumu ndiyo zawadi ya kwanza ninayopewa nikimsindikiza mtuhumiwa. Namwambia mwenyekiti: "Tarehe fulani, kabla ya kumsikiliza, uongozi uliandika umebaini. Sasa leo tumekuja kufanya nini?" Sihitaji hata kugusa M-Pesa.

Nyota_ya_Syokimau

Hapa kwetu Kenya ni mchezo uleule, ila sisi tunaunganisha. Unapewa barua ya kujieleza, siku moja au mbili, "eleza kwa nini usichukuliwe hatua". Yaani mashtaka na mahojiano vimo ndani ya karatasi moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo, na wasikilizwe. Lakini hilo linakuja mwajiri akishafikiria kumfuta. Kwa mahojiano ya mapema wengi hawaandiki chochote, wanamwita tu "njoo tuongee".

Kwani lazima umwandikie? Si ukimwandikia anaenda kufuta jumbe na kuwatisha vibarua?

Kabrasha_la_Zamani

Swali zuri hilo, na jibu ni mpangilio. Kinachoweza kupotea unakichukua kabla barua haijatoka. Binti, orodha za zamu ziko wapi?

Binti_Faili

Ziko kwenye daftari la msimamizi mwenyewe. Anaandika kwa mkono kila Jumamosi, anabandika nakala ukutani pale kwenye mizani, daftari linabaki kwenye droo yake.

Kabrasha_la_Zamani

Basi kabla ya barua, piga nakala ya daftari lote la Februari na Machi, siyo wiki zile mbili peke yake. Lichukue kama ukaguzi wa kawaida wa hesabu za vibarua, maana mhasibu wenu lazima analihitaji kulipa. Jumbe za M-Pesa usihangaike nazo. Wenye kutuma wanazo zao, akifuta za kwake hakuna kilichopotea. Piga picha simu za walalamikaji, namba ya muamala ionekane.

Ukishamaliza hayo, barua haikudhuru tena. "Njoo tuongee" ndiyo inayodhuru. Anaingia hajui anaulizwa nini, anajibu hovyo, kesho anasema alishtukizwa, na kweli alishtukizwa.

Sasa kuhusu aya zenyewe. Nataka uandike kila dai peke yake, lenye siku, mahali na kilichosemwa au kutendwa, kama mtu aliyekuwepo na kamera angekiona. Kamera haioni rushwa, inaona mtu akibonyeza simu.

Binti_Faili

Nimejaribu. Hii ni ya pili:

"YAH: TAARIFA YA KUPOKELEWA KWA MALALAMIKO NA WITO WA MAHOJIANO

Ofisi ya utumishi imepokea malalamiko kuhusu upangaji wa zamu za vibarua katika ghala namba 2. Walalamikaji wanadai yafuatayo:

(a) Kwamba tarehe 4 na tarehe 11 Machi, wawili kati yao walituma shilingi 5,000 kila mmoja, kwa kila tarehe, kwa M-Pesa, kwenye namba inayoishia 47 ambayo wanasema ni yako.

(b) Kwamba tarehe 3 Machi, karibu na mizani, uliwatishia kuwa asiyetuma hela hataandikwa kwenye orodha ya zamu.

(c) Kwamba mmoja wao hakutuma, na kwa sababu hiyo jina lake liliondolewa kwenye orodha ya tarehe 12 hadi 17 Machi.

Tuhuma hizi bado hazijathibitishwa. Unaombwa kufika ofisi ya utumishi Alhamisi saa 4 asubuhi kutoa maelezo yako."

Dereva_Semi

Hii ningeipokea hata mimi. Ingenitia joto, lakini ningejua naulizwa nini.

Katibu_Tawi

(a) safi kabisa. Kuna namba, kuna siku, kuna kiasi, na hakuna anayeitwa mwizi. Hata "ambayo wanasema ni yako" umefanya vizuri, maana namba inaweza ikawa ya mke wake.

Ongeza kwamba anaweza kuja na mwenzake. Kwa mahojiano ya uchunguzi halikulazimishi sana, ila haligharimu kitu na linafunga midomo yetu sisi wa chama.

Kabrasha_la_Zamani

Imebadilika sana. Nina mambo matatu, na la pili ndilo kubwa.

La kwanza, "bado hazijathibitishwa". Sikiliza hiyo "bado". Mama akisema chai bado, maana yake chai inakuja. Umemwambia zitathibitishwa, subira tu. Andika "Ofisi haijafikia uamuzi wowote kuhusu madai haya."

La pili, (b). "Uliwatishia" ni neno lako au lao? Na je, alisema maneno yote hayo? Rudi kwenye maelezo unipe alichosema, neno kwa neno, kama kibarua alivyokiandika.

La tatu, (c) ina "kwa sababu hiyo" na "liliondolewa". Ili jina liondolewe lazima kwanza liwe limeandikwa. Umeliona limefutwa? Au halimo tu?

Binti_Faili

Mzee, nimerudi kwenye faili na nimeona aibu kidogo.

Kuhusu (b). Maelezo ya kibarua yanasema: "Alisema asiyetuma simwandiki." Basi. Maneno mawili. "Hela" na "orodha ya zamu" nimeongeza mimi, maana nilijua anazungumzia nini.

Kuhusu (c). Leo nimepiga nakala za daftari. Jina la yule wa tatu halimo tarehe 12 hadi 17. Halijafutwa, halikuandikwa kabisa. Lakini wiki hiyo walioandikwa ni 22 tu, wakati wiki za kawaida ni 35 au 36. Nimemuuliza mtu wa usafirishaji, makontena mawili yalichelewa bandarini wiki ile. Kwa hiyo kuna wengine kumi na kitu nao hawakuandikwa.

Wakili_wa_Kijiweni

Kumbe. Lakini bado, kwa nini ni yeye?

Kabrasha_la_Zamani

Hilo ndilo swali la kumuuliza Alhamisi, Wakili. Ndiyo maana halipaswi kuwa limejibiwa Jumatatu ndani ya barua.

Binti, usione aibu. Afisa yeyote anayeandika anajaza pengo, kwa sababu ameshasikia upande mmoja na picha imemkaa kichwani. Andika (b): "Kwamba tarehe 3 Machi, karibu na mizani, ulisema 'asiyetuma simwandiki'." Weka alama za kunukuu, acha hapo. Na (c) iwe mambo mawili yaliyokaa kando kando: kwamba mlalamikaji mmoja anasema hakutuma fedha, na kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya 12 hadi 17. Usiyafunge kamba. Kama yanafungana, maelezo yake na ya wengine yatayafunga.

Huko kuchelewa kwa makontena usikuandike. Siyo dai, na wala siyo kazi yako kumtetea pia. Kunyamazie kwenye barua, kuweke kwenye orodha yako ya maswali.

Nyota_ya_Syokimau

Na majina ya walalamikaji? Mimi nasema asiwape. Vibarua hawana mkataba, kesho wanakosa kazi.

Katibu_Tawi

Mimi nasema awataje. Mtu ana haki ya kujua nani anamsema. Halafu mtu ana miamala minne kwenye simu yake yenye majina ya waliotuma. Unamficha nani?

Nyota_ya_Syokimau

Yule wa tatu hakutuma. Yeye hayumo kwenye simu.

Katibu_Tawi

Hapo umenipata nusu. Lakini mkisema jina fulani halimo kwenye orodha, kuna wengine kumi na kitu, atawashuku wote.

Kabrasha_la_Zamani

Hili sina jibu moja. Kwa hatua ya mahojiano mimi huwa siandiki majina kama tarehe na kiasi vinamtosha mtu kujibu, na hapa vinatosha kwa (a) na (b). Kwa (c) hawezi kujibu bila jina, atajibu nini kuhusu mtu asiyemjua? Kwa hiyo ama umtaje kwa ridhaa yake, ama (c) uiache uiulize kwa mdomo siku ya mahojiano. Kikifika kikao cha nidhamu, kuficha kunakuwa kugumu sana. Muulize kibarua mwenyewe, yeye ndiye mwenye shingo.

Jambo la hakika ni hili: orodha za zamu kwa wiki hizi apange mtu mwingine. Siyo adhabu, na kwenye barua iandike kwa sentensi moja isiyo na kisirani: "Katika kipindi hiki orodha ya zamu itaandaliwa na ofisi ya utumishi." Mwombe pia asizungumze na vibarua kuhusu malalamiko haya, na kama ana mtu anayetaka aulizwe kwa upande wake, alete jina kwako. Hilo la mwisho wengi wanalisahau. Unamfunga mdomo halafu unamdai mashahidi.

Chausiku_88

Si umsimamishe tu kupisha uchunguzi?

Kabrasha_la_Zamani

Inaruhusiwa kama tuhuma ni nzito, kwa mshahara kamili na kwa barua yenye sababu na masharti. Lakini nyakati hizi nani haelewi mtu "akipisha uchunguzi" maana yake nini mtaani? Kama kumwondoa kwenye daftari kunatosha, inatosha.

Binti_Faili

Nimempa barua leo Jumatatu saa 5, ofisini kwangu, mlango umefungwa. Imeandikwa Kiswahili, ingawa kampuni barua zote huandika Kiingereza. Meneja alinuna kidogo kwamba haina "uzito". Nikamwambia jamaa kaishia darasa la saba na kanuni inataka lugha anayoielewa. Kibarua wa tatu amekubali atajwe, kwa sharti kwamba zamu asipange yule bwana.

Ameisoma mara mbili. Akauliza, "Kwa hiyo mmeshaniamulia?" Nikamwonyesha ile sentensi kwa kidole. Akasaini kitabu cha barua, akaondoka.

Dereva_Semi

Angegoma kusaini je?

Kabrasha_la_Zamani

Unamwita mtu mwingine wa ofisi, unamsomea mbele yake, mnaandika nyuma ya nakala: amesomewa, amekataa kusaini, siku na saa, saini zenu wawili. Usimlazimishe. Kusaini ni kupokea, siyo kukubali, na umwambie hivyo.

Binti_Faili

Mrejesho. Mahojiano yamefanyika leo, kaja na mwenzake wa idara ya upakiaji.

Kaja na daftari dogo la rangi ya bluu. Anasema anaendesha mchezo wa kila wiki, watu 14, elfu tano tano, na baadhi ni vibarua. Wale wawili wamo, tarehe 4 na 11 zimewekewa alama ya vema. Yule wa tatu naye jina limo, limekatwa mstari, pembeni kaandika "katoka".

Kuhusu (b) hakukataa. Amesema ndiyo, nilisema asiyetuma simwandiki. Simwandiki kwenye mchezo.

Nilibaki kimya kama dakika nzima. Ningekuwa nimeandika "orodha ya zamu" angekataa, nami ningeandika kwamba amekana.

Wakili_wa_Kijiweni

Daftari linaandikwa usiku mmoja hilo! Umempa siku tatu akae na kalamu.

Binti_Faili

Nimeliwazia hilo. Wino ni mmoja kurasa zote, lakini hiyo haisemi kitu, kalamu ni ileile ya ofisini. Kesho nawauliza wale wengine 11 wa mchezo, mmoja mmoja. Wanne siyo vibarua, ni madereva na mlinzi. Nitaomba wanionyeshe miamala yao. Kama mchezo upo, lazima kuna mtu wiki fulani alipokea elfu sabini.

Katibu_Tawi

Hapo sasa. Nani alipokea tarehe 4, nani tarehe 11.

Binti_Faili

Anasema tarehe 4 alipokea mlinzi. Tarehe 11 anasema alipokea yeye mwenyewe.

Nyota_ya_Syokimau

Eish.

Binti_Faili

Nimewauliza tena walalamikaji wawili. Mmoja amesema mchezo upo, ila "ukitoka kwenye mchezo unaona zamu zinapungua". Wa pili anasema hajui mchezo wowote, ile ni hela ya zamu. Wa tatu anasema alitoka kwenye mchezo Februari.

Sasa meneja anasema: basi tumpeleke kwenye kikao kwa kuendesha mchezo na watu anaowapangia kazi. Kwamba hata kama ni mchezo, ni mgongano wa maslahi. Naona ana hoja. Lakini hilo halimo kwenye barua yangu. Niliongeze kwenye ile ile kwa kalamu, au?

Wakili_wa_Kijiweni

Ongeza tu, si amekiri mwenyewe?

Kabrasha_la_Zamani

Amekiri nini, Wakili? Ameeleza. Hakuulizwa kuhusu mgongano wa maslahi, hakujua ni swali, na hakupewa nafasi ya kusema kama meneja wake alikuwa anajua kuhusu mchezo huo. Nina hisia kwamba alijua.

Usiguse ile barua. Andika ya pili, fupi. Itaje ya kwanza kwa tarehe yake. Dai liwe moja: kwamba kati ya Februari na Machi uliendesha mchezo wa fedha wa kila wiki ambao baadhi ya washiriki ni vibarua unaowapangia zamu. Usiandike "kinyume na maadili" kabla hujanionyesha ni kifungu gani cha kanuni zenu. Na usiandike "kama ulivyokiri".

Na kabla ya kuiandika, muulize meneja kama naye yumo kwenye lile daftari.

Binti_Faili

Mzee.

Namba 9.